Vijiji 16 kwa fedha za vijiji 10: hesabu ya kliniki tembezi

Swali: Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha kanisa wilayani Simanjiro. Tuna Land Cruiser moja. Kila mwezi tunapeleka kliniki tembezi vijiji 10, kila kijiji na siku yake, kwenda na kurudi, jumla kilomita 1,200. Timu ni watu 5 pamoja na dereva, posho Sh 30,000 kwa siku. Dawa tunatumia Sh 1,500,000 na mafuta Sh 540,000. Mfadhili anatupa Sh 4,500,000 kwa mwezi. Anaona karibu milioni moja inabaki, hivyo anataka tufike vijiji 16. Je, inawezekana? Naogopa kukataa, na kukubali pia naogopa. Orodha ya vijiji na umbali wake nimeiambatisha.

Jibu: Mganga Mfawidhi, vijiji 16 haviwezekani kwa Sh 4,500,000. Vijiji 13 vinawezekana ukipanga safari upya, tena kwa kilomita chache kuliko unazokwenda sasa. Ukivitaka vyote 16, mwambie mfadhili kwamba bei yake ni takriban Sh 5,260,000 kwa mwezi. Nitakuonyesha nilivyozipata namba hizi ili uweze kuzibadilisha kwa bei za kwenu.

Tuanze na hiyo milioni inayoonekana kubaki. Kwa kweli haipo. Umeandika mafuta peke yake kama gharama ya gari, ilhali mafuta ni kama nusu tu ya gharama ya kuliendesha. Kila kilomita inakula tairi, inasogeza tarehe ya sevisi, inachosha springi, shokapu, bushi na breki. Hizo hazidai kila mwezi, ndiyo maana hazionekani. Zinadai kwa mkupuo, mara nyingi katikati ya mwaka, na hapo gari linasimama wiki tatu mkisubiri fedha ambazo mlikwisha kuzitumia kwa vijiji vya nyongeza.

Njia nzuri ni kuipa kila kilomita bei yake. Gari la aina yenu, lenye injini ya dizeli ya lita 4.2, likipita njia za vumbi na mawe likiwa limebeba watu na masanduku, nalihesabia lita 15 kwa kilomita 100, na takwimu zako zinakubaliana na hilo. Dizeli nimeiweka Sh 3,000 kwa lita. Wewe weka bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika kwa eneo lenu. Hapo mafuta ni Sh 450 kwa kilomita. Sevisi ya kila kilomita 5,000, yaani oili na filta, nimeikadiria Sh 450,000, ambayo ni Sh 90 kwa kilomita. Tairi 5 za Sh 450,000 kila moja, zikidumu kilomita 30,000 kwenye barabara zenu, ni Sh 75. Matengenezo mengine yote nimeyatengea Sh 185. Jumla ni Sh 800 kwa kilomita, na juu yake kuna bima, ambayo hulipwa gari litembee lisitembee. Hiyo nimeiweka Sh 2,400,000 kwa mwaka, sawa na Sh 200,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kilomita zako 1,200 hazigharimu Sh 540,000. Zinagharimu Sh 960,000, na pamoja na bima ni Sh 1,160,000. Ongeza posho, dawa, na vitu vidogo ambavyo hukuviandika kabisa: masanduku ya sindano zilizotumika, glovu, sabuni, rejista, kadi, muda wa maongezi wa kuwajulisha wenyeviti wa vijiji. Hivyo nimevipa Sh 10,000 kwa kila kijiji na Sh 40,000 za jumla kwa mwezi. Vijiji vyako 10 vinafika Sh 4,300,000. Kinachobaki ni Sh 200,000. Ukiongeza vijiji 6 kwa mtindo huohuo wa kijiji kimoja siku moja, kila kimoja kinakuja na wastani wa Sh 406,000, na bajeti inapanda hadi Sh 6,736,000. Namba hiyo mwonyeshe mfadhili kwanza, kabla ya kumwonyesha njia mbadala.

Sasa tazama orodha yako kwa jicho la kilomita. Vijiji 3 vya karibu vinakula kilomita 200 kwa mwezi kwa pamoja. Vijiji 4 vya katikati, vyenye minada, vinakula 400. Vile 3 vya mbali upande wa kusini, kila kimoja kilomita 200 kwenda na kurudi, vinakula 600. Nusu ya mwendo wote wa gari lenu inakwenda kwa vijiji vitatu, na vijiji hivyo, kwa mujibu wa orodha yako, vimeachana kilomita 15 tu. Mara tatu kwa mwezi mnapita njia ileile kwa mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, mnafungua kliniki saa nne asubuhi, na saa nane mnafunga ili giza lisiwakute njiani.

Gharama ya kliniki tembezi haifuati idadi ya vijiji. Inafuata siku ambazo timu iko nje na kilomita ambazo gari linazunguka. Kwa hiyo ukitaka kuongeza vijiji, panga mizunguko, usipange vijiji.

Kabla sijafika huko, kuna njia ya mkato ambayo nakuomba usiikubali hata mfadhili akiipendekeza: kutembelea vijiji 16 kwa zamu, nusu ya vijiji mwezi huu na nusu nyingine mwezi ujao. Kwenye taarifa itapendeza, kwa sababu namba ya vijiji itasomeka 16. Lakini chanjo ya Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mkienda kila baada ya wiki nane, mtoto mwenye bahati atapata dozi ya tatu akiwa na wiki 22. Yule ambaye mlimkuta mara ya kwanza ana wiki 13 ataimaliza akiwa na wiki 29, karibu miezi saba, kama familia haijahamia ronjo na mifugo. Mjamzito naye hupewa SP, dawa ya kumkinga na malaria, kwa nafasi ya angalau mwezi kati ya dozi na dozi, na vidonge vya kuongeza damu anabeba vya siku 30. Kwa hiyo kijiji ambacho hamwezi kukifikia kila wiki nne, ni heri msikiahidi. Pangeni na Mganga Mkuu wa Wilaya nani mwingine atakihudumia.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Vijiji 3 vipya vilivyo karibu viunganishwe na vile 3 vya karibu vya sasa, viwili viwili, kimoja asubuhi na kingine mchana. Hizo ni siku 3 na kilomita 240. Vijiji 4 vya minada vibaki kila kimoja na siku yake kamili, na siku hiyo iwe siku ya mnada wenyewe. Watu wa maboma ya mbali wanakuja mnadani kwa sababu ya mifugo hata wasipokuja kwa ajili ya kliniki, na mama mwenye mtoto hahitaji safari ya pili. Hizo ni siku 4 na kilomita 400. Vijiji 3 vya mbali vipite katika mzunguko mmoja wa kulala usiku mmoja: mnaondoka saa 12 asubuhi, kijiji cha kwanza saa nne, cha pili saa nane, mnalala hapo, kesho yake kijiji cha tatu, na saa saba mchana mnageuza. Ni siku 2 na kilomita 230 badala ya 600.

Jumla ni vijiji 13, siku 9 na kilomita 870. Vijiji vimeongezeka vitatu, siku moja imepungua.

Kwa vijiji 16, mzunguko wa mbali unaongezewa vijiji vitatu vipya vilivyobaki, vile vya kusini. Unakuwa wa siku 4 na kulala mara 3, kilomita 280. Ungeweza kuubana uwe wa siku 3, lakini siku ya mwisho mngemaliza kijiji cha pili jioni na kurudi kilomita 100 usiku, kwenye njia yenye ng'ombe, pundamilia na makorongo. Sipangi safari ya timu ya afya usiku ili kuokoa posho ya siku moja.

Hesabu zikiwekwa pamoja zinasomeka hivi, kwa shilingi kwa mwezi:

| | Sasa, vijiji 10 | Vijiji 13 | Vijiji 16 |
|---|---|---|---|
| Gari na bima | 1,160,000 | 896,000 | 936,000 |
| Posho | 1,500,000 | 1,500,000 | 2,100,000 |
| Dawa | 1,500,000 | 1,687,500 | 2,025,000 |
| Mengineyo | 140,000 | 170,000 | 200,000 |
| Jumla | 4,300,000 | 4,253,500 | 5,261,000 |

Kwenye posho, siku ya kwenda na kurudi nimeiacha Sh 30,000 kama ulivyo utaratibu wenu, na kulala nimekuweka Sh 60,000 kwa kila usiku, pamoja na Sh 30,000 kwa siku ya kurudi. Kama kwenye timu yuko mtumishi wa Serikali aliyeazimwa kwenu, posho yake ya kulala nje ina kiwango chake rasmi, na ni cha juu kuliko hicho. Ulizia kabla ya kusaini bajeti, maana tofauti hiyo hata kwa mtu mmoja tu itapunguza salio lako.

Ningependa pia ufikirie ukubwa wa timu. Watu 5 ni tabibu, wauguzi wawili, wa maabara na dereva, nadhani. Kama kazi ya maabara huko nje ni vipimo vya haraka tu vya malaria, kaswende na VVU, muuguzi aliyefunzwa anavifanya. Mtu wa maabara akibaki kituoni unaokoa Sh 300,000 kwa mwezi, na muhimu zaidi, wagonjwa wa kituoni wanapimwa siku zote hizo 9. Sehemu ya fedha hizo, Sh 10,000 kwa kila kijiji, mlipe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa pale, apite kwenye maboma siku mbili kabla na asaidie kupima uzito. Kliniki iliyofika bila taarifa hupata wagonjwa wachache, na gharama ya safari haipungui hata shilingi.

Dawa nimezihesabu kwa mgonjwa. Mkihudumia watu 400 kwa Sh 1,500,000, kila mmoja ni Sh 3,750. Katika vijiji vya nusu siku nimeweka watu 30, kwa sababu tabibu anayetumia dakika kumi kwa mgonjwa ataona 18 kwa saa tatu, na wengine ni watoto wa chanjo na wajawazito wanaopita kwa wauguzi. Vijiji vya minada nimeviwekea 45. Hivyo vijiji 13 vinaleta watu 450 na vijiji 16 vinaleta 540. Ukiona kijiji cha nusu siku kinazidi watu 30 miezi mitatu mfululizo, kirudishie siku nzima na ukubali gharama yake, kwa sababu kinachofuata ni tabibu kuandika amoksisilini bila kuhesabu pumzi za mtoto.

Hiyo Sh 3,750 ni ya kuombea fedha. Usiitumie kununulia. Kuagiza kunatokana na leja ya sanduku la safari, dawa moja moja. Chukua amoksisilini ya watoto ya miligramu 250, ile inayoyeyuka kwenye maji. Tuseme rejista inaonyesha nimonia kwa watoto 2 kila kijiji, yaani 26 kwa mwezi, nusu yao chini ya mwaka mmoja. Wadogo wanapewa kidonge 1 mara mbili kwa siku kwa siku 5, ambavyo ni vidonge 10. Wa mwaka mmoja hadi mitano wanapewa 2 mara mbili, ambavyo ni 20. Watoto 13 mara 10, na 13 mara 20, inakuwa vidonge 390. Ongeza robo ya akiba, unapata 488, unaagiza maboksi matano ya vidonge 100. Fanya hivyo kwa dawa kumi hivi mnazozitumia sana. Zilizobaki zijazeni kwa kurudishia kilichotoka. Chanjo, na bidhaa nyingine mnazozipata bure kupitia wilaya, zisiingie kwenye fedha za mfadhili, ila zihesabiwe kwa idadi vilevile, kwa sababu zikikosekana safari nzima inapoteza maana.

Dalili ya kwamba sanduku halikupangwa kwa leja ni mbili: dawa ileile inaisha kijiji cha pili kila mara, na nyingine inarudi kituoni hadi inakaribia kuisha muda. Dawa iliyozunguka kwenye gari lenye joto miezi minne ni ya kutiliwa shaka hata kama tarehe yake bado. Sanduku lishushwe kila jioni, lisilale garini.

Mzunguko wa kulala unaleta jambo moja ambalo safari za siku moja hazikuwa nalo: chanjo zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 kwa siku mbili badala ya moja. Kibebeo kidogo cha begani hakitoshi, hasa kikifunguliwa mara nyingi. Mwombe Mratibu wa Chanjo wa Wilaya kasha baridi kubwa, lifunguliwe mara moja tu kila asubuhi kuhamishia chanjo za siku hiyo kwenye kibebeo, na kipimajoto kiwe ndani muda wote. Pakiti za barafu zisiingizwe zikiwa zimeganda kabisa kutoka kwenye friza. Ziacheni nje mpaka ukiitikisa moja usikie maji, la sivyo Penta itaganda na kuharibika. Kwa mzunguko wa siku 4, kasha lenyewe lazima liwe la kudumu na baridi siku zaidi ya hizo. Usipolipata, huna mzunguko wa siku 4, hata fedha zikiwepo.

Bajeti ya mwaka usiipate kwa kuzidisha mwezi mara 12. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo mweusi kusini hujifunga, na mzunguko wa mbali unaweza kukosa mwezi mzima. Mzunguko huo wa vijiji 3 una takriban Sh 1,000,000 ndani yake. Omba kibali cha maandishi, sasa hivi na si wakati mvua imekwisha kunyesha, kwamba fedha ya safari iliyozuiwa na mvua itatumika kwa safari ya ziada mara njia ikifunguka, ili watoto waliokosa dozi wafuatwe. Bila kibali hicho, mhasibu wa mfadhili ataiita bakaa na kuikata robo inayofuata.

Ile Sh 800 kwa kilomita nayo itakuwa kweli kama kitabu cha safari za gari kitakuwa kweli. Dereva ajaze tenki mpaka juu kila anapoweka mafuta, aandike kilomita na lita, na wewe ugawanye mwenyewe mwisho wa mwezi. Matumizi yakipanda kutoka lita 15 hadi 18 au 19 kwa kilomita 100, anza na upepo wa tairi, breki zinazokamata na nozeli. Zikiwa sawa, uliza gari lilikwenda wapi. Mara nyingi jibu ni rufaa: gari hilohilo linapeleka mama mwenye uchungu hospitali usiku, na kilomita zake zinaangukia kliniki tembezi. Safari hiyo ni halali kabisa, lakini iwe na mstari wake kwa bei ileile ya Sh 800, ulipwe na kituo. Sh 350 kwa kila kilomita, zile za sevisi, tairi na matengenezo, zihamishiwe kwenye akaunti ya pembeni kila mwezi. Kwa kilomita 870 ni Sh 304,500. Zikibaki kwenye akaunti ya matumizi ya kawaida, zitakuwa zimetumika siku tairi zitakapohitajika.

Katika barua kwa mfadhili weka jedwali lile lenye safu tatu, na chini yake ongeza mstari ambao sikuuingiza humo: gari jipya. Gari la Sh 100,000,000 likidumu kilomita 250,000 kwenye njia hizo, kila kilomita inakula Sh 400 ya thamani yake, yaani Sh 348,000 kwa mwezi katika mpango wa vijiji 13. Salio lenu la Sh 246,500 halitoshi kuzilipa, na salio hilo mnalihitaji kwa bei ya dizeli inapopanda. Mwulize mfadhili waziwazi nani atanunua gari linalofuata, na mwaka gani.